Kupima Kompresheni ya Injini ya Petroli na Kutambua Kama Tatizo ni Ringi, Valvu au Gasketi ya Hedi: Mwongozo Kamili

Wasomaji wengi walioniandikia kuhusu kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda, wamenitumia namba nne na swali moja: je, injini ifanyiwe ovahoo? Nikiwauliza walipimaje, mara nyingi ninakuta kwamba waliondoa plagi moja moja, hawakukanyaga pedeli ya mafuta wakati wa kupiga stata, au walipima injini ikiwa baridi kwa betri iliyochoka. Namba zilizopatikana hivyo haziwezi kumwambia mtu lolote kuhusu ringi wala valvu, ingawa kuna watu waliokwisha kulipa fedha nyingi kwa sababu ya namba za namna hiyo.

Mwongozo huu unatumia injini moja kama mfano, nayo ni 4A-FE ya Toyota yenye silinda nne na valvu kumi na sita, iliyofungwa kwenye baadhi ya Corolla tunazoziita 110. Hatua zake zinafaa kwa injini nyingi za petroli, lakini namba za kiwango ni za injini hiyo, na kila injini ina zake katika kitabu cha mtengenezaji. Usitumie mwongozo huu kwa injini ya dizeli, kwa kuwa mgandamizo wake ni mkubwa kiasi cha kuharibu geji ya petroli, na kumimina oili ndani ya silinda ya dizeli kunaweza kuvunja injini.

## Vifaa unavyohitaji

Andaa vyote kabla ya kuwasha injini, kwa sababu ukianza kutafuta soketi wakati plagi zimekwisha kutoka, injini itapoa mikononi mwako.

- Geji ya kompresheni yenye mpira mrefu unaofungwa kwa nyuzi kwenye tundu la plagi. Kwa 4A-FE nyuzi ni za milimita 14. Geji ya kubana kwa mkono yenye ncha ya mpira haifai hapa, kwa kuwa plagi zimekaa chini ndani ya mashimo marefu na ni vigumu kuibana sawasawa mara nne.
- Soketi ya plagi ya milimita 16 yenye mpira wa kushika plagi ndani, pamoja na kiungo kirefu.
- Betri iliyochajiwa vizuri, na ikiwezekana betri ya pili ya kusaidia.
- Oili safi ya injini na sirinji ya mililita 5 au 10 yenye kijibomba cha plastiki.
- Kompresa ya hewa yenye geji ya kudhibiti mgandamizo. Hii ni kwa hatua ya mwisho tu.
- Karatasi, kalamu na msaidizi mmoja wa kukaa kwenye usukani.

Kagua ncha ya mpira wa geji kabla ya kuifunga. Ndani yake kuna kijivalvu kidogo kinachofanana kabisa na kile cha tairi, ambacho kazi yake ni kuruhusu hewa iingie kwenye geji na isirudi. Kikiharibika, mafundi wengi hukibadilisha kwa kile cha tairi, na hapo ndipo makosa yanapoanza: springi ya kijivalvu cha tairi ni ngumu zaidi, hivyo geji itasoma chini ya ukweli katika silinda zote. Nunua kinachotengenezwa kwa ajili ya geji ya kompresheni.

## Hatua ya 1: Pasha injini moto

Washa injini na uiache ifikie joto lake la kawaida la kazi, kisha uizime. Pistoni, ringi na kuta za silinda hupanuka kwa joto na kukaa katika nafasi zinazofanyia kazi, na oili huwa nyepesi vya kutosha kusambaa kwenye ringi. Injini baridi huweza kusoma chini hata kama ni nzima.

Subiri dakika chache kabla ya kugusa plagi. Hedi ya injini hii ni ya alumini, na plagi iliyokwama ikilazimishwa wakati hedi ina moto mkali inaweza kutoka na nyuzi zake. Plagi ikikataa kuzunguka, acha injini ipoe zaidi, weka mafuta ya kulainisha kutu na uirudishe kidogo kidogo. Ni afadhali kupima injini iliyopoa kiasi kuliko kutengeneza tundu jipya la plagi.

Kama injini haiwaki kabisa, pima hivyo hivyo ikiwa baridi na uandike kwenye karatasi kwamba ilikuwa baridi. Katika hali hiyo tofauti kati ya silinda na silinda ndiyo ya kuaminiwa, siyo ukubwa wa namba.

## Hatua ya 2: Kata moto wa plagi na mafuta

Ondoa fyuzi iliyoandikwa EFI kwenye boksi la fyuzi lililo chini ya boneti, na uchomoe pia waya wa umeme unaoingia kwenye distributa. Kwa kufanya hivyo nozeli hazitamwaga petroli ndani ya silinda na hakutakuwa na cheche. Kama gari limefungwa mfumo wa gesi, funga valvu ya mtungi kwa mkono na uzime swichi ya gesi.

Hatua hii isirukwe. Plagi zikiwa zimetoka, kila silinda hupumua nje moja kwa moja, na mvuke wa petroli ukikutana na cheche ya waya ulioachwa ukining'inia, moto unaweza kushika mbele ya uso wako. Vilevile, petroli inayomwagika ndani ya silinda huosha oili kwenye kuta na kushusha kipimo unachokitafuta.

Kumbuka kwamba kuondoa fyuzi ya EFI kunafuta kumbukumbu za hitilafu za kompyuta ya injini hii. Kama taa ya injini ilikuwa inawaka, soma kodi zake kwanza.

## Hatua ya 3: Ondoa plagi zote nne

Weka alama kwenye waya za plagi, uzichomoe kwa kushika kichwa cha mpira na siyo waya wenyewe, kisha pulizia hewa kwenye mashimo kabla ya kulegeza plagi. Mchanga uliolala chini ya shimo ukidondokea ndani utakaa kwenye kiti cha valvu, nawe utapima ubovu ulioutengeneza mwenyewe. Ukikuta shimo limejaa oili, tatizo hilo ni la sili za mashimo ya plagi kwenye kava ya valvu, na halihusiani na ringi. Ifyonze kwa sirinji kwanza ili isimwagikie ndani.

Ondoa plagi zote, hata kama unaishuku silinda moja tu. Plagi tatu zikibaki ndani, stata italazimika kugandamiza silinda nne kwa pamoja, mzunguko utakuwa mzito na wa kusuasua, na geji itasoma chini.

Zipange plagi juu ya karatasi kwa mpangilio wa silinda, namba 1 ikiwa upande wa mkanda wa taimingi. Zitazame kwa makini, kwa kuwa zitakuwa mashahidi wako baadaye. Plagi yenye oili mbichi nyeusi inaonyesha oili inayoingia kwenye chumba cha moto. Plagi moja iliyo nyeupe na safi isivyo kawaida kati ya zenzake zenye rangi ya kahawia huenda imesafishwa na mvuke wa maji unaovuja kupitia gasketi.

## Hatua ya 4: Hakikisha hewa inaingia na stata inazunguka kwa kasi

Weka gia huru na uvute breki ya mkono. Kwa gari la otomatiki weka P. Kila unapopima, msaidizi akanyage pedeli ya mafuta mpaka mwisho na aishikilie hapo. Silinda haiwezi kugandamiza hewa ambayo haikuipata, na kipepeo cha throtoli kikiwa kimefungwa, hewa inayopita ni kidogo sana. Kosa hili moja ndilo ninalolikuta mara nyingi kuliko mengine yote.

Kitabu cha Toyota kinataka injini izunguke angalau mara 250 kwa dakika wakati wa kupima. Si rahisi kuhesabu, lakini sikio linatosha: plagi zikiwa nje, injini nzima huzungushwa na stata kwa mlio wa haraka ulio sawasawa. Mlio ukianza kulegea kufikia silinda ya tatu, unganisha betri ya pili na urudie zile mbili za kwanza.

## Hatua ya 5: Pima na uandike namba mbili kwa kila silinda

Funga mpira wa geji kwa mkono mpaka sili yake ya mviringo ikae vizuri, usitumie koleo. Kaa pembeni, usiinamie mashimo ya plagi, kisha mwambie msaidizi akanyage pedeli na apige stata.

Tazama mshale tangu mpigo wa kwanza. Utauona ukiruka kwa hatua, kila hatua ikiwa ni mgandamizo mmoja. Andika namba ya hatua ya kwanza, endelea mpaka mipigo sita hivi au mpaka mshale uache kupanda, kisha andika namba ya mwisho. Achia hewa kwenye geji na uhamie silinda inayofuata, ukitumia idadi ile ile ya mipigo.

Watu wengi huandika namba ya mwisho pekee, na kwa kufanya hivyo hutupa nusu ya habari. Silinda nzima huruka zaidi ya nusu ya kipimo chake kwa mpigo wa kwanza na kukamilisha upesi. Ringi zilizochoka huanza chini na kupanda kidogo kidogo kila mpigo, kwa sababu hewa inapita pembeni lakini oili inasaidia kuziba. Valvu isiyofunga huanza chini na kubaki chini, kwa sababu kila mpigo unapoteza hewa kupitia tundu lile lile.

Umefanikiwa kama ukirudia silinda yoyote unapata namba ile ile, pengine kwa tofauti ya psi tatu au tano. Namba zikiyumba zaidi ya hapo, kagua sili ya geji, kijivalvu na betri kabla ya kuendelea.

## Kiwango cha namba, na kosa la mwinuko

Kwa 4A-FE, injini iliyo katika hali nzuri hufikia psi 191, sawa na kilo 13.5 kwa sentimita ya mraba. Kikomo cha chini ni psi 142, yaani kilo 10. Tofauti kati ya silinda iliyo juu kabisa na iliyo chini kabisa isizidi psi 14, yaani kilo 1.

Namba hizo zinamhusu mtu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, aliye usawa wa bahari. Mbeya na Nairobi ziko karibu mita 1,700 juu ya bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni takribani asilimia 82 ya ule wa pwani. Silinda huanza na hewa nyepesi zaidi, hivyo humaliza na kipimo cha chini zaidi hata ikiwa nzima. Zidisha namba za kitabu kwa 0.82, utapata kwamba huko injini nzuri husoma karibu psi 157 na kikomo chake ni karibu psi 116. Fundi wa Mbeya anayekuta silinda zote nne kwenye 140, akafungua kitabu na kusema injini imeshuka chini ya kikomo, amesahau alipo, na atafungua injini ambayo ingeweza kutembea miaka mingine.

Ndiyo maana ninasisitiza tofauti kati ya silinda kabla ya ukubwa wa namba. Mwinuko, joto, betri na geji mbaya huzishusha silinda zote kwa pamoja, lakini valvu iliyoungua hushusha silinda yake peke yake.

## Hatua ya 6: Pima tena kwa oili

Fanya hatua hii kwa silinda zilizosoma chini, na pia kwa silinda moja nzuri ili uwe na cha kulinganisha. Ingiza mililita 5 za oili ya injini kupitia tundu la plagi, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Zungusha injini mipigo miwili bila geji ili oili isambae, huku umefunika tundu kwa kitambaa, kisha funga geji na upime upya.

Oili hukaa juu ya pistoni na kuziba kwa muda nafasi iliyo kati ya ringi na ukuta wa silinda. Haiwezi kuziba valvu, kwa kuwa valvu ziko juu kwenye hedi, wala haiwezi kuziba gasketi iliyokatika. Kwa hiyo kipimo kikipanda sana, kwa mfano kutoka 110 hadi 150, hewa ilikuwa inapotelea kwenye ringi. Kikipanda psi tano tu au kisipande kabisa, tatizo liko juu.

Usizidishe oili. Oili haigandamiziki, na ukijaza mililita 20 au 30 unakuwa umepunguza nafasi ya chumba cha moto, hivyo kipimo kitapanda katika silinda yoyote, iwe nzima au mbovu. Silinda nzuri uliyoichagua itakulinda: kama nayo imepanda psi 30, umeweka oili nyingi.

## Hatua ya 7: Fuata hewa inakotokea

Kipimo cha oili kinakuambia kama hewa inatoka juu au chini. Ili kujua mahali penyewe, ingiza hewa ya kompresa na usikilize. Hii ndiyo hatua ninayoomba kila mtu aifanye kabla ya kukubali hedi ishushwe, kwa sababu inachukua nusu saa na inaweza kukuepusha na kazi ya siku tatu.

Zungusha injini kwa spana kwenye boliti ya krenki, ukiwa umeziba tundu la plagi kwa kidole. Hewa ikisukuma kidole, silinda hiyo imo katika mgandamizo. Endelea polepole mpaka pistoni ifike juu kabisa. Kijiti kirefu cha plastiki kilichoshushwa ndani ya tundu kitakuonyesha pale pistoni inapoacha kupanda. Katika nafasi hiyo valvu zote za silinda hiyo zimefunga.

Ondoa spana kwenye krenki kabla ya kufungua hewa. Pistoni isipokuwa juu kabisa, hewa itaisukuma chini na krenki itazunguka ghafla, na spana iliyosahaulika inaweza kukuvunja mkono. Toa kijivalvu kwenye ncha ya mpira wa geji, unganisha mpira na kompresa, anza na psi 30, kisha panda taratibu hadi 70.

Sasa sikiliza. Hewa inayofoka kwenye mfuniko wa kujazia oili imepita kwenye ringi. Kidogo ni kawaida, lakini mfoko unaosukuma kiganja si wa kawaida. Mlio kwenye throtoli unaonyesha valvu ya kuingiza hewa. Mlio kwenye bomba la moshi unaonyesha valvu ya kutoa moshi. Mapovu kwenye rejeta, ambayo mfuniko wake unapaswa kufunguliwa injini ikiwa imepoa, yanaonyesha gasketi ya hedi au ufa. Na hewa ikitokea kwenye tundu la plagi la silinda jirani, gasketi imekatika katikati ya silinda hizo mbili.

## Namba zinasema nini kuhusu ringi

Ringi na kuta za silinda huchakaa kwa pamoja katika silinda zote, ingawa si kwa kiwango sawa. Utakuta namba kama 125, 118, 130 na 115, zikianza chini na kupanda polepole, kisha zote zikiruka kwa oili. Silinda moja pekee yenye dalili hizo huashiria ringi iliyovunjika au iliyoganda kwa masizi kwenye mfereji wake.

Kuna hali moja inayofanana kabisa na hiyo bila kuwa ugonjwa. Injini iliyopigwa stata muda mrefu bila kuwaka, au yenye nozeli inayovuja, huoshwa oili kwenye kuta na petroli. Itasoma chini na itapanda kwa oili kama ringi mbovu. Kama plagi zilitoka zikiwa zimelowa petroli, tibu kwanza kilichosababisha hivyo, badilisha oili ya injini, endesha siku mbili, kisha pima upya.

Pia kipimo hiki hakipimi ringi ya oili. Kompresheni hubebwa na ringi mbili za juu, hivyo injini inaweza kusoma 180 kote na bado ikala oili nyingi kwa sababu ringi ya tatu imeziba matundu yake, au kwa sababu sili za valvu zimekauka. Mwenye gari linalotoa moshi wa buluu asiambiwe kwamba injini ni nzima eti kwa kuwa kompresheni ni nzuri.

## Namba zinasema nini kuhusu valvu

Silinda moja ikiwa chini peke yake, ikaanza chini, ikabaki chini na ikakataa oili, ishuku valvu. Sababu inaweza kuwa uso wa valvu ulioungua, kiti kilicholiwa, masizi yaliyobanwa kati yao, au valvu iliyopinda. Lakini iko sababu nyingine isiyohitaji kushusha hedi, nayo ni tapeti kubana. Valvu inapozama kwenye kiti chake, shina lake hupanda juu, nafasi kati ya kamu na tapeti huisha, na valvu hubaki imeshikiliwa wazi kidogo hata inapotakiwa kufunga.

Nilikutana na hilo kwenye Corolla 110 ya dereva mmoja wa teksi wa Dar es Salaam, iliyokuwa ikitumia gesi asilia. Gari lilikuwa linamisi likiwa limesimama, na alikuwa amekwisha kuambiwa kwenye gereji moja kwamba injini inahitaji ovahoo. Tulipima ikiwa na moto, plagi zote zikiwa nje na pedeli ikiwa imekanyagwa mpaka mwisho. Silinda ya 1 ilisoma 178, ya 2 ikasoma 174, ya 4 ikasoma 176. Silinda ya 3 ilianza na 60 kwa mpigo wa kwanza na kuishia 112.

Silinda tatu zikiwa ndani ya psi 4, ringi za injini nzima zilikuwa zimekwisha kujitetea. Tuliweka mililita 5 za oili kwenye silinda ya 3, ikafika 116. Tuliweka kiasi hicho hicho kwenye silinda ya 4, ikafika 183. Kisha tukaingiza hewa ya kompresa, na msaidizi aliyekuwa ameweka sikio karibu na bomba la moshi akainua mkono kabla sijafika psi 40.

Asubuhi ya pili, injini ikiwa imelala na kupoa, tulifungua kava ya valvu. Valvu tatu za silinda ya 3 zilikuwa na nafasi. Ya nne, ambayo ni ya kutoa moshi, haikuruhusu hata geji ya bamba ya milimita 0.05 kuingia chini ya kamu. Gesi asilia ni kavu na haiachi utando wowote wa kulinda viti vya valvu, hivyo katika injini zisizotengenezwa kwa ajili yake viti vya kutoa moshi huweza kuliwa mapema zaidi.

Katika 4A-FE shimu, yaani kisahani cha chuma cha kurekebisha nafasi ya valvu, hukaa juu ya tapeti, na kwa kifaa cha kukandamiza tapeti unaweza kuibadilisha bila kuondoa kamshafti. Tuliweka shimu nyembamba zaidi na kurudisha nafasi ndani ya kipimo cha kitabu. Silinda ya 3 ilisoma 160 siku ile ile, na baada ya wiki moja ya kazi ikasoma 168, yaani psi 10 chini ya iliyo juu kabisa. Nilimwambia dereva ukweli kwamba kiti kile kimeanza kuliwa na kitaendelea, kwa hiyo nafasi za valvu zikaguliwe mara kwa mara; na kama kipimo kisingepanda, ingetulazimu kushusha hedi.

## Namba zinasema nini kuhusu gasketi ya hedi

Dalili inayojulikana zaidi ni silinda mbili za jirani kuwa chini kwa kiasi kinachokaribiana huku za pembeni zikiwa nzuri, kwa mfano 175, 95, 92 na 177. Ukanda wa gasketi kati ya silinda ya 2 na ya 3 umekatika, na kila silinda inapogandamiza, hewa yake hukimbilia kwa mwenzake. Oili haibadilishi kitu, na hewa ya kompresa hutokea kwenye tundu la jirani.

Hedi ikishushwa kwa sababu hiyo, usiifungie gasketi mpya kabla ya kupima unyoofu wake kwa rula ya chuma na geji ya bamba. Kikomo cha kupinda kwa uso wa hedi ya injini hii ni milimita 0.05. Hedi iliyopinda kwa joto itakata gasketi mpya kama ilivyokata ya zamani.

Gasketi inayovuja kwenye njia ya maji ni ngumu zaidi kukamatwa. Ufa mdogo unaweza kusoma vizuri kabisa kwenye geji, kwa sababu mgandamizo wa stata ni mdogo sana ukilinganishwa na ule wa moto unaowaka ndani ya silinda. Maji yakipungua bila kuonekana yanakovuja, mipira ya rejeta ikiwa migumu mara tu baada ya kuwasha, au oili ikigeuka kama chai ya maziwa, amini dalili hizo kuliko geji.

## Zote nne zikiwa chini kwa usawa

Kabla ya kuhukumu ringi, rudi hatua ya 4, kisha kagua alama za mkanda wa taimingi. Mkanda ukiruka jino moja au mawili, valvu hufunga kwa wakati usiofaa na silinda zote hushuka pamoja, bila oili kusaidia sana.

## Kurudisha vifaa

Kama uliweka oili kwenye silinda, piga stata kwa sekunde chache kabla ya kurudisha plagi, ukiwa umefunika mashimo kwa kitambaa. Anza kila plagi kwa vidole mpaka ikae, kisha ikaze kwa nyutoni mita 18. Hedi ya alumini haihitaji nguvu zaidi ya hapo. Rudisha waya kwa alama ulizoziweka, ukikumbuka kwamba mpangilio wa moto ni 1, 3, 4, 2. Rudisha waya wa distributa na fyuzi ya EFI, na ufungue mtungi wa gesi kama upo. Moshi wa buluu utatoka kwa dakika chache wakati oili uliyoiweka inaungua. Ukiendelea baada ya gari kutembea kilomita kadhaa, moshi huo hautokani na oili ya kipimo.